Sita Mara Nne: Uchambuzi wa Kisa cha Dawa Mseto Mjini Kigoma

Boksi la dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima, yaani lile la artemeta na lumefantrini ambalo wengi huliita ALu, huwa na vidonge 24, na kwenye baadhi ya maboksi hayo huchapwa alama fupi karibu na jina la dawa: 6 × 4. Mtengenezaji anamaanisha kwamba ndani mna dozi 6 na kila dozi ina vidonge 4. Lakini mtu aliyekulia kwenye bahasha zetu za dawa, ambazo mwuzaji huandika 1 × 3 akimaanisha kidonge kimoja mara tatu kwa siku, anaweza kuisoma alama ile ile kuwa vidonge 6, mara 4 kwa siku. Kisa ninachokichambua hapa nimekiandika kama hadithi fupi, na watu waliomo ni wa kubuni. Dawa, saa na hesabu zake ni za kweli, na kosa lenyewe ni la aina ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa kaunta ya duka la dawa ataitambua.

Msafiri wetu ni mfanyabiashara wa dagaa mwenye umri wa miaka hamsini na ushee na uzito wa kilo 68, mkazi wa Tabora. Siku ya Jumatatu alianza kutetemeka na kuumwa kichwa, akaenda zahanati, akatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, na majibu yakaonesha kuwa anayo. Akaandikiwa dawa mseto, akainunua katika duka la dawa lililo karibu na stesheni kwa sababu treni ya Kigoma ilikuwa inakaribia, na mwuzaji, akiwa na watu wengine wanne wanaosubiri, akamkabidhi boksi bila bahasha na bila maandishi ya kalamu. Alimwambia tu kwamba maelekezo yote yako kwenye boksi. Hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa nyuma ya karatasi ya vidonge palikuwa na mchoro wa jua na mwezi unaoonesha siku tatu na dozi sita, lakini mchoro ule ulikuwa mdogo kama kucha, taa ya behewa ilikuwa hafifu, na miwani ya kusomea ilikuwa ndani ya begi lililokwishafungwa chini ya mizigo ya watu. Kilichosomeka vizuri kwa macho ya mtu mwenye homa ni tarakimu kubwa zilizo mbele ya boksi.

Alisoma sita mara nne. Kisha akafanya jambo ambalo mtu makini hulifanya: akahakiki. Sita mara nne ni 24, na boksi linasema vidonge 24, kwa hiyo dawa ni ya siku moja na inaisha bila kubaki wala kupungua. Hapa ndipo kosa hili linapotofautiana na makosa mengi ya lebo. Mtu akisoma vibaya dawa nyingine, mara nyingi hesabu humkatalia mahali fulani, vidonge vikaisha kabla ya siku kwisha au vikabaki, naye akashtuka na kuuliza. Hapa hesabu ilimkubalia. Jibu sahihi na jibu lisilo sahihi yalitoa jumla moja, na ule ukaguzi wake mwenyewe ndio uliomwondolea shaka.

Akameza vidonge 6 saa 4 usiku kwa maji ya chupa. Akagawanya saa 24 kwa nne, akapata kila baada ya saa sita, akatega simu imwamshe saa 10 alfajiri, na ilipolia akameza vingine 6 kwa chai ya rangi iliyokuwa kwenye chupa yake. Hakuwa amekula kitu tangu mchana wa Jumatatu. Kama nusu saa baadaye alitapika dirishani, akalaumu mayai ya kuchemsha aliyoyanunua mchana stesheni, na treni ilipofika Kigoma asubuhi alikuwa na kizunguzungu, mwili umelegea, na mpango wa kushuka Kibirizi kupanda boti ya kwenda Kagunga siku hiyo hiyo. Kabla ya kwenda ufukweni alipitia duka la dawa maeneo ya Mwanga. Ilikuwa imegonga saa 3 asubuhi, na saa 4 alipaswa, kwa hesabu yake, kumeza vidonge sita vya tatu.

Mfamasia aliyekuwa zamu alikuwa dada wa miaka thelathini hivi. Alimwamkia shikamoo baba, akaitikiwa marahaba mwanangu, na ombi likafuata bila kuchelewa.

"Nipatie dawa ya kuzuia kutapika, na siprofloksasini ya siku tano. Chakula cha njiani kimenichafua tumbo."

Ningependa msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu ombi hili ndilo lililobeba hatari ya siku ile. Msafiri hakuja kuulizia dawa ya malaria. Kwa upande wake malaria ilikuwa jambo lililokwishapata tiba, na tatizo lilikuwa tumbo. Mwuzaji mwenye haraka angeweza kumtajia bei, kumpa vile alivyovitaka, na kumtakia safari njema, bila boksi la dawa mseto kuonekana kabisa. Tena siprofloksasini ni dawa inayotakiwa kutolewa kwa cheti cha daktari, na kutapika mara moja bila kuhara si sababu ya kuimeza. Mfamasia hakuanza kwa kumkatalia. Alimwuliza kama kuna dawa yoyote aliyoimeza tangu jana.

"Nipo kwenye mseto, nilipimwa Tabora."

"Pole baba. Hebu nioneshe unavyoitumia."

Hakuuliza, "Unameza vinne asubuhi na jioni, sivyo?" Swali la namna hiyo hujibiwa ndiyo na karibu kila mgonjwa, kwa heshima, kwa uchovu, au kwa sababu anaona mtaalamu tayari anajua. Akisema "nioneshe," mgonjwa hana pa kujificha wala haja ya kujificha. Anatoa boksi na kusimulia. Msafiri alilitoa, akachomoa karatasi ya vidonge, akaiweka kwenye kioo cha kaunta. Ilikuwa na safu sita za vidonge vinne vinne, na safu tatu za juu zilikuwa tupu, foili imepasuliwa vizuri, bila kidonge kimoja kilichorukwa.

Kwa kuitazama tu, karatasi ile ilikuwa ya mgonjwa mtiifu. Safu tatu tupu ndivyo zinavyotakiwa kuwa baada ya dozi tatu, na mtu aliyemeza dozi tatu yuko kwenye saa ya 24 ya tiba yake. Kama msafiri angekuwa amemeza dozi moja tu ya vidonge sita, safu ya pili ingebaki na vidonge viwili, na nusu ile ingepiga kelele yenyewe. Lakini dozi mbili za sita ni sawa na dozi tatu za nne, na kwa mara ya pili katika kisa hiki jumla ikaficha mgawanyo. Kilichobaki kumwokoa ni saa.

"Ulianza lini, baba?"

"Jana usiku saa nne, ndani ya treni. Nimemeza sita, halafu sita tena alfajiri. Saa nne hii nameza sita nyingine, na saa kumi jioni namaliza."

Mfamasia aliivuta karatasi ya vidonge upande wake wa kaunta, taratibu, kama mtu anayetaka kuisoma vizuri, na hakuirudisha. Naipenda hatua hiyo kuliko hatua nyingine zote alizochukua, kwa sababu ilikuwa imebaki chini ya saa moja kabla ya dozi ya tatu, na maelezo yoyote, hata yakiwa mazuri kiasi gani, yangeshindana na kengele ya simu. Akamwambia kwamba dozi ya saa nne asubuhi isimezwe, kwamba zile tarakimu mbele ya boksi zinaeleza jinsi vidonge vilivyopangwa ndani na si jinsi ya kuvimeza, na kwamba wengine pia huzisoma hivyo. Kisha akachukua karatasi na kalamu.

Kwa mtu mwenye kilo 35 na kuendelea, kidonge cha miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini humezwa vinne kwa dozi. Dozi ya kwanza humezwa tiba inapoanza, ya pili baada ya saa 8, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza, na zinazobaki kila baada ya saa 12, yaani saa ya 36, ya 48 na ya 60. Kwa msafiri aliyeanza saa 4 usiku wa Jumatatu, dozi ya pili ilikuwa ya saa 12 asubuhi ya Jumanne, na ya tatu ya saa 4 usiku huo. Kufikia muda aliosimama kaunta alipaswa kuwa amemeza vidonge 8. Alikuwa amemeza 12, na kama angeachwa aendelee angemaliza 24 kwa muda wa saa 18 badala ya saa 60.

Hadi hapo kisa kinaonekana ni cha dawa kuzidi. Nadhani wengi wangeishia hapo, lakini mfamasia huyu aliona kwamba upungufu ulikuwa mkubwa vilevile, na sababu zake zinahitaji kuelezwa polepole.

Dawa mseto imeunganisha dawa mbili zinazofanya kazi kwa mwendo tofauti. Artemeta huua vimelea kwa haraka sana, lakini nusu yake huondoka mwilini kwa muda wa saa mbili tatu, kwa hiyo usiku mmoja ukipita bila dozi nyingine karibu yote imekwisha. Lumefantrini huua taratibu, lakini hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa ikifagia vimelea vilivyosazwa. Kimelea cha malaria aina ya falsiparamu, ambacho ndicho kinachotawala nchini mwetu, huchukua saa 48 hivi kukua na kuzaana ndani ya chembe nyekundu za damu kabla ya kupasuka na kuvamia nyingine. Ndiyo maana artemeta inarudiwa kwa siku tatu: ili ivikute vimelea katika hatua mbalimbali za ukuaji na katika vizazi viwili vinavyofuatana. Mtu akiimaliza yote siku ya kwanza, anaipiga siku moja kwa nguvu isiyohitajika, halafu siku ya pili na ya tatu anaviachia vimelea uwanja, vikabiliane na lumefantrini peke yake.

Na lumefantrini yenyewe haikuwa imeingia vizuri. Dawa hii hupenda mafuta. Kwa watu wazima wenye afya waliopimwa, chakula chenye mafuta mengi kiliongeza kiasi kinachofyonzwa hadi mara 16 ukilinganisha na tumbo tupu. Tena ufyonzaji wake una ukomo kwa dozi moja, hivyo vidonge sita vikimezwa pamoja havipandishi kiwango kwenye damu kwa uwiano ule ule wa kuongeza vidonge. Msafiri alikuwa amemeza kwa maji na chai ya rangi, tumboni hamna kitu. Kwa hiyo alikuwa na vidonge vingi mkononi mwa hesabu na, huenda, dawa kidogo kwenye damu. Kiwango cha lumefantrini kinachobaki siku ya 7 ndicho kinachotabiri vizuri kama malaria itarudi au haitarudi, na mgonjwa wa aina hii anaweza kupata nafuu Kagunga siku ya tatu, akafunga mzigo wake wa dagaa akiwa na furaha, kisha akaugua tena baada ya wiki tatu na kusema dawa ilikuwa feki.

Kutapika nako kukaongeza ugumu. Kipeperushi cha dawa kinasema mgonjwa akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, dozi irudiwe. Msafiri alitapika nusu saa baada ya vidonge sita vya pili, na usiku ule dirishani hakuna aliyeona kama vidonge vilitoka. Kwa hiyo ndani ya mwili wake kungeweza kuwa na vidonge 6, au 12, au idadi yoyote kati ya hizo. Mfamasia aliandika hivyo hivyo kwenye karatasi: vimemezwa 12, kutapika saa 10 na nusu alfajiri, kiasi kilichobaki hakijulikani. Ni sentensi fupi, lakini angeandika "amezidisha dozi" peke yake angempeleka daktari njia ya upande mmoja.

Tukirudi kwenye ombi la msafiri, sasa linaonekana kwa sura nyingine. Moyo, baada ya kila pigo, huchukua muda kidogo kujiandaa kiumeme kwa pigo linalofuata. Zipo dawa zinazorefusha muda huo, na ukirefuka mno mapigo yanaweza kuvurugika hadi mtu akaanguka na kuzimia. Dawa mseto kwa kipimo chake cha kawaida haina historia ya kuleta madhara hayo mara kwa mara, lakini maelezo yake yanatahadharisha isichanganywe na dawa nyingine zenye tabia hiyo, na siprofloksasini imo katika kundi la antibiotiki zinazotajwa. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika nazo zina tabia hiyo. Ongeza kwamba mgonjwa aliyetapika na asiyekula anaweza kuwa na upungufu wa potasiamu, ambao peke yake huuvuruga umeme wa moyo. Kila kimoja kati ya hivi, kikiwa peke yake, si jambo la kutisha sana. Msafiri alikuwa anaomba kuviweka vyote pamoja, juu ya dozi iliyokwisha kuzidi, nusu saa kabla ya kupanda boti ambayo ingemweka majini kwa saa kadhaa.

Maswali yaliyofuata yalikuwa machache na yalilenga hapo hapo. Je, amewahi kuzimia au kuhisi moyo unakwenda ovyo? Ana ugonjwa wa moyo, au anatumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza? Yupo ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Amemeza kwinini au dawa ya fangasi siku za karibuni? Akajibu hapana kwa yote, isipokuwa alisema presha yake huwa inapanda lakini hajaanza dawa. Mfamasia akampima presha na mapigo, akaviona si vibaya. Akamtazama macho kama yana umanjano, akamwuliza kuhusu rangi ya mkojo, akaangalia kama anapumua kwa shida, kama anazungumza kwa mpangilio, na kama anaweza kunywa maji yakakaa. Maswali haya ya mwisho hayahusu kosa la lebo hata kidogo. Yanahusu malaria kali, ambayo pia huanza kwa kutapika na kulegea, na ambayo mtu anaweza kuisahau kabisa akishavutiwa na kosa alilolikamata. Dalili hizo hazikuwepo.

Msafiri kwa wakati huo alikuwa ameanza kukasirika, na haki yake.

"Sasa mwanangu, mimi nimeua mwili wangu au sijaua? Maana boti inaondoka."

"Hujaua, baba. Lakini siwezi kukwambia moyo wako uko salama kwa kukuangalia usoni. Kuna kipimo cha dakika tano hospitalini kitakachosema. Boti ya kesho nayo ni boti."

Hapo palikuwa na mipaka miwili ambayo mfamasia hakuivuka. Hakumpangia ratiba mpya ya dawa yeye mwenyewe, ijapokuwa hesabu alikuwa anaijua, kwa sababu ratiba ilitegemea kipimo cha moyo na damu ambavyo hakuwa navyo. Pia hakumwambia aache dawa kabisa, ambalo ndilo kosa linalofanywa na watu wema wakishtuka: mgonjwa mwenye vimelea kwenye damu akiambiwa tu "acha," anabaki na malaria isiyotibiwa. Alichosema ni kwamba dozi ya saa nne asubuhi isimezwe mpaka daktari aseme. Akaandika barua fupi yenye jina la dawa, nguvu ya kila kidonge, saa za kumeza, saa ya kutapika, dawa alizoziomba na hakuuziwa, akamwitia bodaboda, na akampa karatasi ya vidonge ndani ya bahasha iliyofungwa kwa pini pamoja na barua, si mfukoni mwa shati.

Hospitalini umeme wa moyo ulikuwa wa kawaida, na potasiamu ilikuwa chini kidogo tu ya kiwango. Darubini ilionesha vimelea bado vipo, jambo lisiloshangaza saa 12 hivi tangu kuanza dawa. Daktari alimweka chini ya uangalizi hadi jioni, akampa maji ya chumvichumvi na sukari ya kunywa, kutapika kukakoma kwenyewe, na kipimo cha moyo kikarudiwa. Uamuzi wake, ambao ulikuwa wa mgonjwa huyu na si kanuni ya kumpa mwingine, ulikuwa kumrudisha kwenye saa za asili. Vidonge 12 vya jana usiku na alfajiri vilihesabiwa kuwa vimefunika dozi ya kwanza na ya pili kwa namna fulani, nusu yake ikiwa na mashaka. Kuanzia hapo angemeza vinne saa 4 usiku wa Jumanne, vinne saa 4 asubuhi na vinne saa 4 usiku wa Jumatano, na vinne saa 4 asubuhi ya Alhamisi. Hizo ni dozi nne, vidonge 16, na kwa kuwa boksi lilikuwa limebaki na 12, akaongezewa vinne pale pale. Hivyo msafiri aliyezidisha dawa akatoka hospitalini akiwa ameongezewa dawa, na nadhani hilo ndilo jambo gumu zaidi kumweleza mtu katika kisa chote hiki.

Kuhusu chakula, Kigoma ina unafuu wake. Mgonjwa wa kichefuchefu hahitaji kulazimishwa sahani ya pilau. Mafuta kidogo yanatosha kuisaidia lumefantrini. Dozi ya usiku aliimeza baada ya uji wa maziwa, na ya asubuhi baada ya ugali kidogo na dagaa waliopikwa kwa mawese, chakula ambacho wenyeji humpa mgonjwa bila kuambiwa na mtaalamu yeyote.

Jumatano mchana alipita tena Mwanga kabla ya boti, na mfamasia akataka kuiona karatasi ya vidonge. Safari hii hakutegemea boksi. Alichukua kalamu ya wino mzito, akaikata ile 6 × 4 kwa mistari miwili, na juu ya kila safu iliyobaki akaandika siku na saa: Jumatano saa 4 usiku, Alhamisi saa 4 asubuhi. Kisha akamwomba asome kwa sauti, yeye akiwa amenyamaza. Msafiri akavaa miwani, akasoma, akaongeza kwamba anakula kwanza.

Akampa pia onyo moja ambalo naliona lilikuwa la lazima. Ipo dawa mseto ile ile yenye vidonge vikubwa, miligramu 80 kwa 480, ambayo boksi lake la mtu mzima lina vidonge 6 tu na humezwa kimoja kimoja kwa saa zile zile. Mtu aliyejifunza kwa taabu kwamba dozi ni vinne, akipewa boksi hilo mwakani na kumeza vinne, atakuwa amemeza dozi nne kwa mkupuo. Na aliyezoea kimoja, akipewa vidogo, atapata robo ya dozi. Kwa hiyo hakumwambia akumbuke vinne. Alimwambia kila mara ahesabu dozi sita kwa siku tatu, na idadi ya vidonge amwulize anayemwuzia, tena aandikiwe.

Lilibaki duka la Tabora. Namba ya simu ilikuwa kwenye risiti, na mfamasia akapiga, akajitambulisha, akaeleza kilichotokea bila kumtaja mgonjwa kwa jina. Mwuzaji alinyamaza, kisha akasema kwamba ana katoni nzima ya maboksi yale na kwamba wengi wa wateja wake ni abiria wanaokimbilia treni. Walikubaliana kwamba kuanzia siku hiyo kila boksi litoke na bahasha yenye saa zilizoandikwa kwa kalamu, na kama foleni ni ndefu, basi angalau ile alama ya mbele ikatwe na pembeni yake iandikwe "vinne kila mara, siku tatu." Mfamasia akajaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, akaeleza kutapika na kizunguzungu kilichofuata dozi zisizo sahihi, na mahali pa maelezo ya ziada akaibandika picha ya mbele ya boksi, iliyopigwa kwa umbali ambao mtu asiye na miwani angeweza kuisoma.